Feni, tishu na kabati la usalama: hewa inavyokulinda

Oktoba hapa Tabora joto halina huruma, ndiyo maana mwenzangu aliweka feni nyuma ya kiti chake alipokuwa akiandaa makohozi ya kuotesha vimelea vya kifua kikuu. Siku ya nne, chupa ya maji safi tunayopitisha pamoja na sampuli ili kupima usafi wa kazi ilikuwa imeota ukungu. Tulilishuku bure kabati la usalama, yaani sanduku lenye kioo mbele na mkondo wa hewa ambamo tunashughulikia sampuli.

Kabati la daraja la kwanza huvuta hewa ya chumbani ikupite wewe, lakini hewa hiyohiyo ambayo haijachujwa hupita juu ya sampuli. La tatu limezibwa kabisa, unafanyia kazi kwenye glavu zilizofungwa ukutani mwake. Letu ni la pili, aina ya A2. Hewa ya chumbani huingia mbele kwa takriban nusu mita kwa sekunde na kuzama kwenye matundu ya ukingoni kabla haijaifikia sampuli, huku hewa iliyopita kwenye chujio la hepa, linalonasa vimelea, ikishuka kutoka juu. Inayoingia inakulinda wewe, inayoshuka inalinda sampuli. Pazia hilo la hewa ni jepesi mno; hata mtu akipita haraka nyuma yako linayumba.

1. Funga mlango na madirisha, zima feni, washa kabati na usubiri dakika 5. Bandika ukanda mwembamba wa tishu kwenye ukingo wa chini wa kioo. Ukanda huo unapaswa kulalia ndani, ukiwa umetulia. Tulipowasha ile feni, wetu ulipepea, mara ndani, mara nje. Jibu tukawa nalo. (Tishu haikuambii kama chujio limetoboka, hilo ni la fundi mwenye vipimo, kila mwaka na kila kabati linapohamishwa.)

2. Pangusa meza kwa spiriti ya asilimia 70. Vitu safi viwe upande mmoja, taka upande wa pili, na kazi ifanyike sentimita 10 au zaidi nyuma ya matundu. Daftari lisikae juu ya matundu. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

3. Ingiza mikono ikiwa imenyooka, itulie dakika moja ndipo ufungue chupa. Usiipeleke nje na ndani ovyo: chombo cha taka kiwe humohumo.

4. Usiwashe moto ndani. Joto lake huvuruga hewa inayoshuka, na spiriti ipo karibu.

5. Umeme ukikatika, pazia limekufa. Funika chupa, toa mikono taratibu, shusha kioo. Umeme ukirudi, anza upya na dakika 5.

Feni tukaihamishia chumba cha kuandikia. Chupa ya maji iliyofuata ilikaa siku 42 bila kuota kitu.