Umeshamtumia tapeli hela? Fanya hivi ndani ya saa ya kwanza

Mimi ni wakala wa huduma za pesa hapa Masasi, upande wa Mkuti. Msimu wa korosho ukifika na malipo yakaanza kuingia, haipiti wiki bila mtu kuja kibandani kwangu kahamaki, simu mkononi, kashatuma. Nitaeleza kwa kisa cha mama mmoja mteja wangu. Binti yake anasoma Ndanda, na alikuwa anasubiri kutumiwa hela ya matumizi. Ikaingia meseji: “Mama ile hela nitumie kwenye namba hii, ile simu imeharibika.” Akatuma 180,000. Dakika chache baadaye binti akapiga kwa namba yake ileile ya siku zote, kuulizia hela.

Hapo unashindana na kitu kimoja tu: tapeli kuitoa ile hela kwa wakala au kuirusha kwenye laini nyingine. Ikiwa bado imo kwenye akaunti iliyoipokea, mtandao unaweza kuizuia. Ikishatolewa taslimu, hakuna cha kuzuia, ni kazi ya polisi.

Kwanza, usimpigie tapeli. Najua hasira. Lakini ukimpigia kumtukana au kumwomba, umemwambia aharakishe. Na usifute meseji yoyote.

Pili, piga 100 kwa laini uliyotumia kutuma. Namba hii ni ya huduma kwa wateja ya mtandao wa laini unayopigia. Ukiazima simu ya jirani yenye laini ya mtandao mwingine, utaangukia kwa watu wasioona muamala wako. Huku unasubiri kuhudumiwa, fungua meseji ya uthibitisho uwe nayo tayari.

Akipokea mhudumu, usianze na hadithi ya Ndanda. Mama yule alianza na “mwanangu, kuna kijana kanifanyia kitu kibaya”, nikamwomba simu, nikaiweka sauti ya juu, nikamwambia aseme hivi: “Nimetapeliwa. Naomba mzuie hela niliyotuma sasa hivi. Kumbukumbu namba ni hii, kiasi 180,000, namba iliyopokea ni hii.” Neno *nimetapeliwa* lisikike mapema. Ukisema tu umekosea namba, ombi lako linaweza kushughulikiwa kama kosa la kawaida, ambapo aliyepokea huulizwa kama anakubali kurudisha. Tapeli hakubali.

Mhudumu atakuuliza maswali ya kukuhakiki, kama majina yaliyosajili laini. Hatakuuliza namba ya siri. Kabla hajakata, omba namba ya taarifa yako na uiandike.

Kama hela ilikwenda mtandao mwingine, baada ya hapo tafuta mtu mwenye laini ya mtandao ule, piga 100 kwa simu yake, utoe maelezo yaleyale. Wanaweza kukujibu kwamba wanasubiri mtandao wako uwaandikie, lakini taarifa itakuwa imefika. Mtandao uangalie kwenye meseji ya uthibitisho, usikisie kwa tarakimu za mwanzo, maana siku hizi mtu anahama mtandao na namba yake.

Tatu, andika kwenye karatasi. Simu inaisha chaji, tena inapotea. Andika:

- namba iliyokuandikia meseji, na namba iliyopokea hela (mara nyingi ni mbili tofauti, na wengi huandika moja tu);
- jina lililotokea ulipokuwa unatuma;
- kumbukumbu namba, herufi kwa herufi, ukitofautisha O na sifuri;
- kiasi, tarehe na saa kama meseji inavyosema. Ikiandika 14:12, andika 14:12. Ukiandika “saa nane” bila kusema mchana, unazua maswali baadaye.

Kisha piga picha za skrini, meseji ya tapeli na ya uthibitisho, umtumie mtu unayemwamini.

Nne, fowadi meseji ya tapeli kwenda 15040, na ukijibiwa utaje namba iliyoituma, itaje. Hii ni ya kuripoti namba za matapeli. Hairudishi hela, ndiyo maana nimeiweka nyuma.

Tano, nenda polisi na karatasi yako, ukachukue RB. Mtandao hautakupa wewe taarifa za mwenye laini. Polisi ndio wanaoweza kuziomba, na RB ndiyo inayofungua njia hiyo.

Yule mama alikuta 120,000 imeshatolewa. Zilizobaki, 60,000, zilizuiwa, zikarudi baada ya kufuatilia.

Jioni ileile alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja: hela yote imepatikana, ataje tu namba ya siri wamrudishie. Alikuwa tapeli yuleyule au mwenzake, maana kiasi alikijua hadi senti. Mama akakata simu, akaiongeza namba ile kwenye karatasi.