Kabla hujarudisha chati za WhatsApp ulizofuta kwa bahati mbaya, tazama saa

Mtu anayeingia kibandani kwangu akisema chati zimefutika huwa ameshafanya kosa la pili njiani. Ama ameifuta WhatsApp yenyewe na kuipakua upya, ama amebonyeza Back up akidhani kitufe hicho kinarudisha. Kitufe hicho hakirudishi, kinahifadhi hali ilivyo sasa, na sasa chati haimo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuiacha simu ilivyo na kujibu maswali mawili: umefuta lini, na bekapu ya mwisho ilichukuliwa saa ngapi?

Jibu la pili lipo ndani ya simu. Kwenye Android fungua Settings ya WhatsApp, kisha Chats, kisha Chat backup. Utaona tarehe na saa mbili: Local ni bekapu iliyo ndani ya simu yako, na nyingine ni ile iliyo kwenye akaunti yako ya Google. Ya ndani huandikwa kila siku saa nane usiku. Ya Google hufuata ratiba uliyoichagua: kila siku, kila wiki, kila mwezi, au haipo kabisa kwa sababu hukuiwasha.

Kilichoandikwa kabla ya bekapu na kufutwa baada ya bekapu kinaweza kurudi. Kilichofika na kufutwa kabla bekapu haijachukuliwa hakijawahi kuhifadhiwa popote kwenye mfumo huo, na hakuna fundi atakayekitoa humo. Ukifuta saa tatu usiku, basi una saa tano tu kabla ya saa nane kufika na bekapu ya Google, kama ni ya kila siku, kuandikwa upya juu ya ile nzuri. Google hubaki na moja tu, ya mwisho. Ndiyo maana ukigundua usiku uleule, nenda kwanza kwenye ratiba ya bekapu ya Google uizime.

Bekapu ya ndani ina huruma zaidi. Simu huweka mafaili ya hadi siku saba za karibuni, kila moja na tarehe yake. Watu wengi hawajui kwamba yapo, na ndiyo huokoa kazi mara nyingi kuliko Google.

Chukua mfano wa mweka hazina wa kikoba. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tatu usiku, simu imejaa, anasafisha chati za magrupu, na grupu la kikoba linakwenda pamoja na mengine. Anagundua Jumatano saa moja asubuhi. Bekapu yake ya Google ni ya kila siku, na saa nane imeshapita, kwa hiyo ile ya Google tayari haina grupu. Tunaingia kwenye faili za simu, folda ya Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, na mwisho Databases. Humo kuna msgstore.db.crypt14, ambalo ni la leo na halitufai, na mengine yenye tarehe. Tunalitaka lililoandikwa Jumanne saa nane usiku, saa kumi na tisa kabla hajafuta. Usiamini jina peke yake, bonyeza faili uone tarehe na saa lilipoandikwa. Mwisho wa jina unaweza kuwa crypt14 au crypt15, uache kama ulivyoukuta.

Sasa subiri, usifute WhatsApp bado. Kurudisha bekapu hakuongezi chati iliyopotea juu ya zilizopo. Kunaondoa zote zilizopo na kuweka zilizokuwepo saa ile. Mweka hazina wetu akirudi Jumanne saa nane usiku, atapata grupu lake, lakini atapoteza kila meseji ya Jumanne mchana na ya Jumatano asubuhi, kutoka kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla ya yote, fungua chati zenye mambo ya siku hizo na uzitoe kwa Export chat, ujitumie kwa barua pepe. Utapata faili la maandishi la kusoma tu, WhatsApp haiwezi kulirudisha ndani kama chati. Mara nyingine ukiishapima hivi unaona heri kuacha. Kama unachokihitaji ni mazungumzo na mtu mmoja tu, mwombe yeye afanye Export chat upande wake akutumie. Nakala yake haikufutika kwa sababu wewe umefuta yako.

Akiamua kuendelea, folda nzima ya WhatsApp, yenye Databases na picha, inakiliwa kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, maana kufuta programu kunaweza kuondoka na folda yake. Pia hakikisha laini ya namba ileile inapokea SMS, na unakumbuka tarakimu sita za uthibitisho wa hatua mbili kama uliziweka. Nimemwona mtu amefuta WhatsApp huku laini yake imefungwa. Bila namba ile, faili lililosimbwa halifunguki. Kama uliwasha bekapu iliyosimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, unahitaji pia nywila yake au ufunguo wa tarakimu 64. Ukivipoteza, WhatsApp wala Google hawana nakala.

Baada ya hapo ondoa WhatsApp, ipakue tena bila kuifungua, rudisha folda uliyoikili mahali pake, toa lile faili la leo, kisha badili jina la lile la Jumanne, kutoka la juu liwe la chini:

```
msgstore-2025-06-10.1.db.crypt14
msgstore.db.crypt14
```

Fungua WhatsApp, thibitisha namba, na ikiomba ruhusa ya kutafuta bekapu kwenye akaunti ya Google, ruka. Ikilikuta faili la simu itauliza kama urudishe. Ukikosa kubonyeza Restore hapo, nafasi hiyo haitokei tena mpaka uanze upya, na ndiyo sababu ya nakala kwenye kompyuta.

Mweka hazina alipata meseji za grupu zilizokuwepo saa ile, lakini picha za risiti zilirudi zikiwa na ukungu. Faili la msgstore hubeba maandishi, picha hukaa kwenye folda nyingine, na alipofuta grupu aliacha tiki kwenye kisanduku cha kufuta pia picha za grupu hilo. Hizo aliziomba upya kwa wanachama.

Wenye iPhone hawana mafaili haya ya siku saba. Wao wana nakala moja ya iCloud, na bekapu ya Google haifunguki kwenye iPhone, wala ya iCloud kwenye Android. Picha za kutazamwa mara moja zikishafunguliwa haziingii kwenye bekapu. Meseji za kujifuta zenyewe zikiingia kwenye bekapu, hufutwa tena ukirudisha baada ya muda wake kwisha.

Na kama huna tatizo leo, fungua Chat backup usiku huu uone tarehe ya Google. Wengi hukuta ni ya miezi iliyopita, kwa sababu tangu 2024 bekapu ya Android inahesabiwa kwenye gigabaiti 15 za bure za akaunti, zikajaa picha na barua pepe, na bekapu ikasimama kimya kimya. Bekapu isiyosasishwa kwa zaidi ya miezi mitano inaweza kufutwa kabisa. Toa video kwenye bekapu hiyo, ndizo nzito kuliko yote, na utaona inaanza kwenda tena.