Kabla hujakaa kwenye hadubini: bandama na thaimasi, usije ukazichanganya

Wadau mnaosoma afya hapa Tanga, najua wengine mna mtihani wa spoti wa histolojia hivi karibuni, na slaidi mbili zinazoumiza watu kila mwaka ni ya bandama na ya thaimasi. Zote zimejaa limfosaiti, zote zina sehemu iliyokolea na sehemu iliyofifia, alafu ukiwa kwenye steshi muda ni mfupi. Kwa hiyo kuna mambo ya kuweka sawa kabla ya siku yenyewe, manake siku yenyewe sio ya kuanza kufikiria.

La kwanza ni hili jina la palpu nyeupe, ambalo kwenye slaidi linadanganya. Ukitaka kulielewa moja kwa moja nenda buchani pale Ngamiani asubuhi uombe kipande cha bandama ya ng'ombe, kikate kwa kisu kikali alafu angalia pale ulipokata, utaona nyama nyekundu iliyokolea na ndani yake vidoti vidogo vyeupe-kijivu vimetawanyika. Hivyo vidoti ndo palpu nyeupe, na hiyo nyekundu inayovizunguka ndo palpu nyekundu, majina yametoka kwa watu waliokuwa wanaangalia kiungo kibichi kwa macho. Kikamue kipande hicho chini ya bomba, damu itatoka na utabaki na nyuzinyuzi ngumu zilizokuwa zimeshikilia kila kitu, hizo ndo trabekula. Sasa slaidi ikishapakwa hematoksilini na eosini mambo yanageuka: hematoksilini inashika viini vya seli, na limfosaiti ni kiini karibu mwili mzima, kwa hiyo vile vidoti vyeupe vinakuwa zambarau iliyokolea, ndo vitu vyeusi kuliko vyote kwenye slaidi. Palpu nyekundu yenyewe imejaa seli nyekundu za damu zisizo na kiini, inachukua eosini na kuwa pinki. Mtu anayetafuta kitu cheupe kwenye slaidi ya bandama anatafuta kisichokuwepo, au mbaya zaidi anakiona mahali sio.

La pili, jizoeze kuanza na lenzi ya x4, na hata kabla ya hapo inua slaidi kwenye mwanga wa dirisha. Watu wanakimbilia x40 na huko kila kitu ni limfosaiti tu, hutajua uko wapi. Kwa x4 jiulize kitu kimoja: hiyo zambarau iliyokolea imekaa wapi? Kwenye bandama imekaa kama visiwa katikati ya bahari ya pinki, na visiwa havishikani na ukingo wa kiungo. Kwenye thaimasi ni kinyume chake, zambarau iko pembeni na iliyofifia iko ndani. Thaimasi imegawanyika kwenye vipande vinavyoitwa lobyuli, kila kipande kina koteksi yake kwa nje, imebanwa na limfosaiti changa hadi hakuna nafasi, alafu ndani kuna medula ambako limfosaiti ni chache zaidi na seli za epithelia zenye viini vikubwa vilivyopauka zinaonekana vizuri. Kuta za tishu unganishi zinaingia kutoka kwenye kapsuli lakini haziikati medula, ndo maana ukifuatilia vizuri utakuta medula ya lobyuli moja inaungana na ya jirani kama matawi ya mti mmoja. Ila ukataji wa slaidi unaweza kupita mahali ambapo muungano hauonekani, ukaona medula imekaa peke yake katikati kama kisiwa, na hapo ndo mtego unapoanza.

Rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja huku Chuda alikutana na huo mtego. Kwenye steshi hadubini ilishawekwa x10, mshale umeelekezwa kwenye duara lililofifia lililozungukwa na pete ya zambarau iliyokolea. Akasema moyoni, nje imekolea, ndani imefifia, hiyo ni koteksi na medula, akaandika thaimasi. Ilikuwa bandama. Kile alichokiona ni folikuli ndani ya palpu nyeupe, na hapo katikati palipofifia ni kitovu cha folikuli ambako limfosaiti B zinapambana na kuongezeka, seli zinakuwa kubwa na viini vinapauka, ndo maana panaonekana pamefifia. Kanuni yake ya rangi haikuwa mbaya, ila aliishia ndani ya duara, hakuangalia nje yake.

Angetoka nje ya ile pete angejibu bila shida. Nje ya koteksi ya thaimasi utakuta tishu unganishi, labda na mafuta, basi. Nje ya palpu nyeupe utakuta pinki ya palpu nyekundu, yaani seli za damu zimejaa kwenye sainusoidi na kwenye kamba za seli zilizopo katikati ya hizo sainusoidi, na ukikaza macho kwa x40 utaona makrofeji zenye chembe za kahawia za chuma kilichotoka kwenye seli nyekundu zilizozeeka na kuvunjwa. Thaimasi haina ukanda wa hivyo kabisa. Na tena thaimasi ya mtu mzima wa afya haina vitovu vya folikuli, kwa sababu sio mahali pa kupambana na vijidudu, ni mahali limfosaiti T zinapokulia.

Kitu kingine cha kukifanyia mazoezi hadi kikukae ni duara la pinki, manake slaidi zote mbili zinalo na watu wanaruka kwa furaha wakiliona. Kwenye medula ya thaimasi kuna vijiduara vya Hassall, seli za epithelia zilizobapa zimejikunja moja juu ya nyingine kama kitunguu kilichokatwa, na katikati mara nyingi ni pinki laini isiyo na viini. Kwenye palpu nyeupe kuna ateriole ya kati, nayo ni duara la pinki lakini ina tundu, ina endothelia inayolizunguka tundu na misuli laini nje yake, na limfosaiti T zimeivaa kama koti. Kwa hiyo tafuta tundu. Na usidanganywe na neno kati, folikuli ikikua ateriole inasukumwa pembeni, kwa hiyo itafute ukingoni mwa kisiwa.

Suala la umri nalo uliulize mapema kwa fundi wa maabara. Slaidi nzuri ya thaimasi ni ya mtoto. Ya mtu mzima imeliwa na mafuta, koteksi imekonda, ile picha ya nje kukolea ndani kufifia inakaribia kupotea, na hapo vijiduara vya Hassall ndo vinakuokoa kwa sababu vinabaki. Bandama nayo sio kila folikuli ina kitovu kilichofifia, nyingine ni zambarau tupu, usipokiona usiseme sio bandama.

Kabla ya mtihani wa marudio yule rafiki yangu alichora slaidi zote mbili kwa penseli ya zambarau na ya pinki kila jioni wiki nzima, akianzia nje ya duara kuingia ndani. Steshi ilivyokuja ilikuwa na duara lilelile la kufifia, akasogeza slaidi kidogo pembeni, akaikuta ateriole ukingoni na pinki nje yake, akaandika bandama, palpu nyeupe.