Uzi wa nyuma usikunje sweta
Sweta ya rangi mbili ikikunjamana, mara nyingi uzi unaopita nyuma ni mfupi kuliko vitanzi unavyovivuka. Kabla ya kubadili rangi, tandaza vitanzi vilivyomo kwenye sindano ya kulia mpaka vifikie upana wake halisi, bila kuvinyoosha kupita hapo, kisha fuma kitanzi cha kwanza cha rangi mpya pasipo kukaza uzi. Uzi ukivuka vitanzi saba, unasishe nyuma ya kitanzi cha nne. Kwenye mikono myembamba inayofumwa kwa sindano tano mbinu hii haitoshi, kwa kuwa penye pembe ya sindano mbili uzi hupita njia ya mkato. Hapo ni afadhali kufuma upande wa nyuma ukiwa nje. Kuosha hulainisha mikunjo midogo tu, hakurefushi uzi uliopungua.