Salio linaliwa na huduma usiyoiomba? Zima kwa namba yake fupi

Ukiweka salio likapungua bila kupiga simu wala kuwasha data, fungua menyu ya mtandao wako, ingia kwenye huduma za ziada (mara nyingi imefichwa ndani kabisa), kisha angalia ulizounganishwa. Kila huduma ina namba fupi inayokata pesa: tuma neno STOP kwa namba hiyohiyo, usubiri ujumbe wa kuthibitisha. Kulijibu jina tupu la mtumaji, tuseme "Nyota" au "Dini", hakusaidii, kwa kuwa jina halipokei ujumbe. Bila uthibitisho, hesabu kwamba bado umo.

Kuishiwa salio hakukutoi. Makato husubiri uongeze, ndiyo maana vocha huyeyuka dakika ileile.

STOP hushindwa mtoa huduma mmoja akiwa na huduma kadhaa chini ya namba moja, nawe umefuta moja tu. Hapo piga huduma kwa wateja, waambie wakutoe zote na wafunge usajili mpya kwenye laini yako. Dai pia urudishiwe, ukiwatajia tarehe na namba fupi.

Mlango mkubwa wa kuunganishwa bila kujua ni vijisanduku vinavyoibuka kwenye skrini: bonyeza "Cancel", kamwe si "OK".