Somo: Imeili ya kwanza ya kuomba kikao na mnunuzi wa Japani

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kuandika imeili za chama chetu cha msingi huku Mbozi, nilimwandikia mnunuzi wa Japani jinsi ninavyoandika barua ya kupeleka wilayani. Nilianza na "YAH:" kwa herufi kubwa, nikafuata na "husika na kichwa cha habari hapo juu" iliyogeuzwa Kiingereza neno kwa neno. Nikamwita kwa jina lake la kwanza nikidhani ndilo la ukoo, maana ndilo nililoliona upande wa kulia wa kadi yake. Kisha mistari minne ya kumjulia hali yeye, mkewe na watoto, ambao hata sikujua kama anao. Mwisho nikaomba tuongee "Jumanne ijayo saa 4:00".

Baada ya siku sita akajibu mistari miwili: anashukuru sana, na ombi letu watalifikiria kwa makini. Nikakimbilia kwa mwenyekiti kumwambia jamaa amekubali. Tulisubiri mpaka wakulima wakamaliza kuchuma. Baadaye mama mmoja aliyewahi kufanya kazi na Wajapani alinieleza kwamba "tutalifikiria" kutoka kwao, ikiwa peke yake bila tarehe wala swali, mara nyingi ni hapana iliyovalishwa koti.

Somo hili ni kuhusu imeili hiyo moja tu, ile ya kwanza ya kuomba muda. Inaandikwa kwa Kiingereza, lakini adabu anayoipima msomaji ni ya Kijapani.

Hatua ya kwanza: jua jina lipi ni la ukoo

Wajapani kwa lugha yao huanza na jina la ukoo, jina la mtu hufuata. Wakiandika kwa herufi zetu, wengine hugeuza ili kuwafuata Wazungu, wengine hawageuzi. Tangu Januari 2020 serikali yao imeelekeza nyaraka zake zitangulize jina la ukoo hata kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo kadi mbili kutoka ofisi moja zinaweza kupangwa tofauti. Ukiona jina moja lote limeandikwa kwa herufi kubwa, hilo ndilo la ukoo. Usipoliona, tazama anwani yake ya imeili au tovuti ya kampuni. Dakika tano za kutafuta ni nafuu kuliko kumwita mtu mzima kwa jina ambalo labda mama yake tu ndiye humwita.

Tuseme jina la ukoo ni Tanaka. Salamu inaandikwa hivi:

```
Dear Mr. Tanaka,
```

Kama hujui ni mwanamume au mwanamke, usibahatishe. Kijapani kina "san", inayofuata jina la ukoo na haibagui mwanamke na mwanamume, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Hata kwenye imeili ya Kiingereza wamezoea kuiona:

```
Dear Tanaka-san,
```

Jambo moja tu: "san" anapewa mwingine, mtu hajipi mwenyewe. Mwenzangu mmoja alisaini jina lake na "san" mwishoni akidhani ni heshima kwa msomaji. Ni sawa na mtu kujitambulisha, "Mimi ni Mheshimiwa."

Hatua ya pili: jitambulishe kabla ya kuomba

Hapa ndipo sisi tunapojikwaa, na kosa linatokana na malezi mema. Kwetu, kuingia kwenye shida moja kwa moja bila kujuliana hali ni utovu wa adabu. Iringa mtu hajakwambia kamwene, tayari umeshamshangaa. Mjapani naye ana utangulizi wake, ila hauulizi habari za nyumbani. Kwa mtu usiyemjua, familia ni mambo ya ndani. Utangulizi wake una vitu vitatu: samahani kwa kukuandikia ghafla, mimi ni nani na natoka chama gani, na jina lako nimelipataje. Hicho cha tatu kina uzito kuliko tunavyodhani. Kama kuna mtu aliyewakutanisha, au mlionana kwenye maonyesho, kitaje mapema, mara tu baada ya kujitambulisha. Bila hicho wewe ni mgeni aliyepita dirishani.

Kwenye kujitambulisha, taja chama kwanza, cheo chako, kisha jina lako. Na msaidie msomaji naye asibahatishe: majina kama Tumaini, Baraka na Furaha hayamwambii chochote. Kwenye saini tanguliza `Mr.` au `Ms.` ili ajue jinsi ya kukuita.

Ukitaja kahawa, sema inatoka Mbozi, Tanzania. Ikifika kwao, arabika yetu iliyooshwa mara nyingi huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama mlima huo mkulima wake hajawahi kuuona. Usianze kubishana naye kuhusu hilo kwenye imeili ya kwanza.

Hatua ya tatu: omba muda kwa namna ambayo anaweza kukataa bila kuona aibu

Mpe nafasi mbili, kisha mwambie kama zote hazimfai achague yeye. "Naomba tuongee Jumanne" inamlazimisha aseme hapana, na hapana ni neno analolikwepa. Acha wiki mbili kati ya imeili na kikao, kwa sababu huenda lazima kwanza azungumze na mkubwa wake na idara nyingine.

Sasa saa. Tanzania na Japani zimepishana saa 6, wao wako mbele, na hawabadilishi saa zao kiangazi wala kipupwe. Kumbuka pia kwamba hesabu yetu ya Kiswahili imepishana saa 6 na ile ya kwenye simu. Matokeo yake ni kitu cha kuchekesha: huku ikiwa saa 4 asubuhi, saa ya ukutani ya Tokyo nayo inaonyesha 4, ila ni 4 ya jioni. Kwa hiyo ile "saa 4:00" yangu ilikuwa na maana zaidi ya moja: saa 4 asubuhi yetu, ambayo ndiyo 4 ya jioni kwao, au 4:00 ya simu, ambayo ni alfajiri. Andika mfumo wa saa 24, taja nchi zote mbili, na mwezi uuandike kwa jina. 09/07 wengine wataisoma tarehe 7 Septemba.

Nafasi nzuri ni kati ya saa 2 na saa 4 na nusu asubuhi yetu, yaani 14:00 hadi 16:30 kwao. Ukipanga baada ya chakula chetu cha mchana, mwenzako yuko kwenye treni anarudi nyumbani. Epuka pia mwisho wa Aprili hadi Mei 5, ambapo sikukuu zao zinafuatana, na katikati ya Agosti, ambapo wengi huenda kwao kuwakumbuka wahenga.

Mfano mzima

Kichwa cha imeili, bila "YAH":

```
Meeting request: Mbozi coffee samples, 9 or 14 July 2026
```

Mwili nauweka kwa Kiswahili, bila jina wala saini, ili mwone mpangilio. Wenyewe utaandikwa kwa Kiingereza chepesi.

> Ndugu Tanaka,
>
> Samahani kwa kukuandikia bila taarifa. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, Tanzania. Jina lako nilipewa na mwonja kahawa aliyetutembelea mwezi Mei.
>
> Tungependa kukutumia sampuli za msimu huu, na kabla ya hapo kusikia kutoka kwako ni kiasi gani na maandalizi gani yanayokufaa. Kama una nafasi, tunaomba dakika 40 kwa mtandao katika mojawapo ya siku hizi:
>
> Alhamisi, 9 Julai 2026, 16:00 Japani (10:00 Tanzania)
> Jumanne, 14 Julai 2026, 15:00 Japani (09:00 Tanzania)
>
> Kama zote hazikufai, tafadhali tupendekezee siku nyingine. Upande wetu atakuwepo pia mwenyekiti wa chama.
>
> Asante kwa muda wako.

Ona saa ya Japani imetangulia. Anayeomba ndiye anayebeba kazi ya kuhesabu. Na mwenyekiti ametajwa ili naye ajue amlete mtu wa cheo gani. Ukimnyima habari hiyo anaweza kuja peke yake, kisha akaona haya kukuta mkubwa upande wa pili.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tukuyu: Mwalimu, huyu baba ana miaka zaidi ya sitini. Kweli nimwandikie bila hata shikamoo?*

Shikamoo yake iko kwenye jina la ukoo na kwenye ile samahani ya mwanzo. Ukimwongezea maneno ya sifa, "mpendwa sana mheshimiwa", ataona umezidisha. Ukiwaandikia wawili, mtangulize mwenye cheo kikubwa, kwenye salamu na hata kwenye sehemu ya `To`. Yule mdogo haendi mbele kwa sababu tu unamfahamu zaidi.

*Kutoka Mafinga: Sisi mbia wetu ni Mjerumani, mambo ya mbao. Naye nimwombe samahani kwa kumwandikia?*

Hapana, huyo atajiuliza umekosa nini. Mjerumani mpe jina la ukoo, na kama ana udaktari wa kitaaluma usiuache: `Dear Dr. Müller`. Kisha sentensi moja ya kujitambulisha na uingie kwenye ombi. Jina la kwanza subiri alitoe mwenyewe. Na angalia saa: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba mnapishana saa 1, miezi mingine saa 2. Kikao cha Novemba kilichopangwa Septemba ndicho kinachoharibika.

*Kutoka Iringa: Dada, usharika wetu una marafiki Marekani. Mimi niliandika kwa vyeo vyote, mama yule akajibu "Hi" na jina langu, akasaini jina lake la kwanza tu. Amenidharau?*

Hajakudharau, amekukaribisha ukae. Kwa Wamarekani wengi kusaini jina la kwanza ni ruhusa ya kulitumia, na ukiendelea na vyeo atahisi unamweka mbali. Jibu kwa jina alilosaini. Lakini kama Baba Askofu yuko kwenye `Cc`, yeye mtaje kwa cheo chake kamili ndani ya imeili. Yule mama ataiga bila kufundishwa.

*Kutoka Vwawa: Je, Mjapani akisaini jina la kwanza?*

Ni nadra kwenye imeili ya kwanza. Akifanya hivyo, tumia hilo jina na "san" nyuma yake, usiliache tupu.

*Kutoka Makambako: Wiki imepita, kimya. Nimpigie?*

Usipige. Jibu juu ya imeili yako ileile, salamu ileile, useme huenda imeili yako ilifika wakati ana kazi nyingi, na umpe tarehe mpya mbili kwa sababu zile za mwanzo sasa zimekaribia mno. Maneno "bado nasubiri jibu lako" yaache. Mimi kwa mnunuzi yuleyule wa mwaka wa kwanza nilikuja kuandika upya msimu uliofuata kwa mpangilio huu, na safari hii jibu lilirudi na swali: kahawa ya maganda mnaianika siku ngapi?