Namna ya kukokotoa gharama ya uniti moja ya umeme wa sola na wa jenereta kwa maisha yote ya mitambo

Mfano wetu ni duka la samaki katika kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria ambako gridi haijafika, na linalotumia uniti 20 kwa siku, yaani uniti 7,300 kwa mwaka. Bei zilizomo ni za mfano, kwa hiyo kila msomaji aweke za profoma yake.

Hatua ya kwanza: kanuni. Tunajumlisha gharama zote za miaka 20, kila moja ikiwa imerudishwa kwenye thamani ya leo, kisha tunagawanya kwa uniti zitakazotumika, nazo zikiwa zimerudishwa vivyo hivyo.

```
gharama ya uniti = jumla ya [gharama(t) / (1+r)^t]
                   / jumla ya [uniti(t) / (1+r)^t]
```

Herufi r ni riba, na hapa tunachukua asilimia 10. Kwa kiasi kinachojirudia kila mwaka bila kubadilika hakuna haja ya mistari 20 ya hesabu, kwani kwa riba hiyo na miaka 20 inatosha kukizidisha kwa 8.51. Uniti zetu basi ni 7,300 × 8.51, yaani takriban 62,100.

Hatua ya pili: jenereta. Jenereta ya kVA 8 inanunuliwa kwa shilingi milioni 8. Ukubwa huo unahitajika kwa sababu majokofu huvuta umeme mwingi yanapowaka, lakini baada ya hapo mzigo wa wastani ni kilowati 2.5 tu kwa saa nane za kila siku. Injini inayofanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake hula mafuta mengi kwa kila uniti, nasi tunakadiria lita 0.45. Ikiwa dizeli inafika kisiwani kwa shilingi 3,200 kwa lita pamoja na nauli ya boti, mafuta peke yake ni shilingi 1,440 kwa kila uniti, kabla hujanunua hata chujio.

Jenereta hii inafanya kazi saa 2,920 kwa mwaka. Tukiipa maisha ya saa 15,000, itabadilishwa katika mwaka wa 5, wa 10 na wa 15, na ununuzi wote huo kwa thamani ya leo ni milioni 18. Huduma ya oili na vichujio kila baada ya saa 250 inagharimu milioni 1.2 kwa mwaka. Ukiongeza mafuta, na kurudisha yote kwenye thamani ya leo, jumla ni milioni 117.7, ambayo ikigawanywa kwa uniti zetu inatoa takriban shilingi 1,890.

Hatua ya tatu: sola. Paneli, inveta, fremu na ufungaji ni milioni 20, na betri ya lithiamu ni milioni 15. Katika mwaka wa 10 tunabadilisha betri na inveta kwa milioni 19, ambazo kwa thamani ya leo ni milioni 7.3. Usafi na ukaguzi ni laki tano kwa mwaka, sawa na milioni 4.3 kwa muda wote. Jumla ni milioni 46.6, na uniti moja inagharimu takriban shilingi 750. Muuzaji asiyetaja betri ya mwaka wa 10 anakupa hesabu ya nusu ya maisha ya mtambo.

Hatua ya nne: kutikisa hesabu. Weka riba ya asilimia 20 badala ya 10. Jenereta inapanda kidogo tu hadi shilingi 1,970, ilhali sola inaruka hadi 1,140, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha zake hutolewa siku ya kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini uniti nazo zirudishwe kwenye thamani ya leo, ilhali si fedha?*

Kwa sababu kila uniti inasimama badala ya mapato ya mwaka wake. Bei tunayoitafuta ni ile ambayo, ukimtoza mteja kwa miaka yote 20, inarudisha gharama zote pamoja na riba.

*Nikitumia uniti 10 tu kwa siku?*

Sola inafika karibu shilingi 1,500, kwani mtambo ni uleule na uniti ni nusu. Usigawanye kamwe kwa uniti ambazo paneli zingeweza kuzalisha. Zinazohesabiwa ni zilizotumika. Jenereta nayo haitakuokoa: mzigo ukiwa mdogo mno, mafuta hayaungui vizuri, na utaona ute mweusi ukitiririka kwenye ekzosi.

*Ndugu, benki yangu inatoza asilimia 17. Niiweke hiyo?*

Ikiwa bei zako za dizeli hazipandi mwaka hadi mwaka, toa kwanza mfumuko wa bei. Ukichanganya riba ya benki na bei zilizoganda, unaipendelea dizeli bila kujua.

*Je, siku za mawingu mfululizo?*

Kanuni hii haionyeshi umeme unapatikana saa ngapi. Kokotoa mchanganyiko wa sola na jenereta ndogo ya akiba kama mtambo wa tatu, kisha ulinganishe na hiyo 750.